Jinsi ya Kutengeneza Chati ya Pau Inayosogea kwa Ajili ya Video, Hatua kwa Hatua

Maswali matatu huulizwa karibu kila wiki na watu wanaoanza kutengeneza video za maelezo: kwa nini upau wangu unakua kutoka katikati badala ya kutoka kushoto, chati ikae kwenye skrini kwa muda gani, na kwa nini watazamaji bado wanauliza takwimu ambazo nimewaonyesha waziwazi. Mwongozo huu unayajibu yote matatu kwa kutengeneza chati moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiifuata mara moja kwa mikono yako, utaweza kubadilisha takwimu na kuitumia kwa jambo lolote lingine.

Chati tutakayotengeneza inaonyesha urefu wa mwaka katika sayari nne, kwa siku za Dunia: Utaridi 88, Zuhura 225, Dunia 365 na Mirihi 687. Nimechagua takwimu hizi kwa sababu zinajulikana, ni chache, na zina habari moja iliyo wazi ndani yake, yaani kwamba mwaka wa Mirihi unakaribia mara mbili ya mwaka wetu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Utahitaji programu ya kuchora maumbo na programu ya kuhariri video inayoweza kukata ukingo wa picha hatua kwa hatua. Katika mfano huu nimetumia Inkscape kwa kuchora na DaVinci Resolve kwa kuhariri, kwa kuwa ya kwanza ni ya bure na ya pili ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa kazi hii. Ikiwa umezoea programu nyingine, endelea nayo, kwa sababu mbinu yenyewe haibadiliki.

Utahitaji pia sauti ya maelezo iliyokwisha kurekodiwa. Wengi huchora chati kwanza kisha wakahangaika kuongea haraka ili waendane nayo, na matokeo yake msemaji hutaja 687 wakati upau wa Mirihi bado uko nusu ya safari.

Mwisho, andika sentensi moja inayosema jambo ambalo mtazamaji anapaswa kuondoka nalo. Ikiwa sentensi hiyo ina kiunganishi "na" mara mbili, una chati mbili, si moja.

## Hatua ya 1: Punguza takwimu mpaka zibaki zinazohitajika

Sayari ziko nane, lakini sisi tunachukua nne. Sababu si uvivu. Mshtarii huchukua takriban siku 4,333 kulizunguka Jua, na tukimweka kwenye chati hii, upau wake ndio utakaoamua kipimo cha pau nyingine zote. Tukiwa na nafasi ya pikseli 1,200, Mshtarii ataijaza yote, Dunia itapata pikseli 101 na Utaridi pikseli 24, yaani kipande kifupi kuliko neno "Utaridi" lenyewe. Tofauti kati ya Dunia na Mirihi, ambayo ndiyo habari yetu, itakuwa imemezwa.

Takwimu moja inapozizidi nyingine kwa mbali namna hiyo, iondoe kwenye chati na uitaje kwa mdomo, au uipe onyesho lake peke yake. Usijaribu kuufupisha upau wake kwa kuuchora umevunjika katikati. Mtazamaji wa video hana muda wa kugundua alama hiyo ya mvunjiko na kuelewa maana yake.

Kwa uzoefu wangu, pau nne au tano ndizo jicho linaweza kuzishika kwa mtazamo mmoja. Zikifika saba, watu huanza kusoma majina moja baada ya jingine, na kabla hawajamaliza chati imeshaondoka.

## Hatua ya 2: Weka kipimo na uhesabu urefu wa kila upau

Tengeneza ukurasa wa pikseli 1,920 kwa 1,080 katika Inkscape, na uhakikishe kizio cha ukurasa ni `px`, si `mm`. Acha pikseli 100 tupu kila upande. Majina ya sayari yatakaa kati ya pikseli 100 na 380, na pau zote zitaanza kwenye pikseli 400. Upande wa kulia lazima ubaki na nafasi ya namba itakayokaa mwishoni mwa upau mrefu kuliko yote.

Sasa chagua kipimo kimoja kwa pau zote. Mimi nimechukua pikseli 1.6 kwa kila siku. Urefu wa upau ni idadi ya siku mara 1.6, ukikadiriwa kwa pikseli nzima:

| Sayari | Siku | Urefu wa upau | Upau unaishia |
|---|---|---|---|
| Utaridi | 88 | 141 | 541 |
| Zuhura | 225 | 360 | 760 |
| Dunia | 365 | 584 | 984 |
| Mirihi | 687 | 1,099 | 1,499 |

Onyo: upau lazima uanzie sifuri. Mtu anayetazama chati ya pau hulinganisha urefu, hata kama kuna namba zilizoandikwa pembeni. Ukianzia siku 80 ili "kuokoa nafasi", Utaridi itabaki na siku 8 tu za kuonyesha, na Zuhura yenye siku 145 itaonekana kuwa mara kumi na nane yake, ilhali ukweli ni mara mbili na nusu hivi.

## Hatua ya 3: Chora chati nzima kama picha tuli

Kabla ya mwendo wowote, chora chati kama itakavyoonekana mwishoni. Kila upau uwe na kimo cha pikseli 110, na pengo la pikseli 50 kati ya upau na upau. Vilele vya pau vitakuwa kwenye 250, 410, 570 na 730, na upau wa mwisho utaishia 840. Nafasi iliyobaki chini si ya kujaza; hapo ndipo manukuu ya maandishi hukaa, na chati inayofunikwa na manukuu ni kazi ya bure.

Andika vipimo hivi kwa namba katika visanduku vya `X`, `Y`, `W` na `H` badala ya kuvuta kwa kipanya. Ondoa mstari wa kuzunguka umbo, kwa sababu kwa kawaida Inkscape huhesabu unene wa mstari huo ndani ya `W`, na upau ulioandika 584 unaweza kuwa na mwili wa pikseli 580 tu.

Kichwa cha chati kiwe ile sentensi uliyoiandika mwanzoni: "Mwaka wa Mirihi ni karibu mara mbili ya wa Dunia". Kichwa kama "Urefu wa mwaka katika sayari mbalimbali" humwachia mtazamaji kazi ya kutafuta habari mwenyewe, na katika video hana sekunde za kufanya hivyo. Chini yake andika kwa herufi ndogo kidogo "siku za Dunia", ili kizio kitajwe mara moja tu na namba zibaki peke yake.

Ukubwa wa herufi ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa kila kitu huonekana kikubwa kwenye kompyuta. Fikiria video ya mlalo inayotazamwa kwenye simu iliyoshikwa wima, ambako picha nzima ina upana wa takriban sentimita 7. Herufi za pikseli 30 hapo zinabaki na milimita moja hivi. Za pikseli 64 zinapata zaidi kidogo ya milimita mbili. Kwa hiyo nimetumia 64 kwa kichwa na namba, 56 kwa majina ya sayari, na 44 kwa kizio.

Kuhusu rangi, tumia usuli wa rangi moja iliyokolea, kwa mfano `#14202B`, pau za kijivu `#5F6B77`, na rangi moja tu ya kuvutia macho kwa upau wenye habari, kwa mfano `#F28C28` kwa Mirihi. Usitegemee tofauti ya nyekundu na kijani peke yake, kwani wapo watazamaji wasioweza kuzitenganisha. Isitoshe, video nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, na ndiyo maana maandishi mekundu juu ya buluu hutoka yakiwa na kingo zilizochafuka hata kwa mtu mwenye macho mazima. Njia rahisi ya kupima ni kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa Mirihi bado inajitenga na nyingine, umefaulu.

Ondoa mistari ya gridi. Namba zimeshaandikwa mwishoni mwa pau, kwa hiyo gridi haina kazi, na mistari ya unene wa pikseli moja hucheza-cheza video inapobanwa.

## Hatua ya 4: Toa kila sehemu kama picha yake ya ukubwa kamili

Hii ndiyo hatua inayomaliza tatizo la upau unaokua kutoka katikati. Badala ya kuupeleka upau kwenye programu ya video kama kipande kidogo na kuanza kuutafutia mahali, tunautoa kama picha ya PNG yenye ukubwa wa ukurasa mzima, uwazi pande zote, na upau ukiwa tayari mahali pake.

Weka kila sehemu kwenye tabaka lake, kisha ficha matabaka mengine yote na utoe moja baada ya jingine. Mwishoni utakuwa na faili kumi na mbili:

```
usuli.png
kichwa.png
majina.png
pau-1.png  pau-2.png  pau-3.png  pau-4.png
namba-1.png  namba-2.png  namba-3.png  namba-4.png
pazia.png
```

Faili ya `pazia.png` ni mstatili wenye rangi ileile ya usuli, unaofunika safu za Utaridi na Zuhura, kutoka 230 hadi 540. Kazi yake itaonekana mbele.

Onyo: unapotoa faili, chagua `Page`, si `Selection`. Ukichagua `Selection`, Inkscape itakata picha kulingana na umbo lenyewe, na ukiiweka kwenye video upau utahamia katikati ya skrini. Kosa hili peke yake limenilia jioni nzima siku za mwanzo.

## Hatua ya 5: Panga matabaka kwenye programu ya video

Fungua mradi mpya na uweke fremu 25 kwa sekunde kabla hujaingiza faili hata moja, kwa sababu DaVinci Resolve haikuruhusu kubadilisha kasi hiyo baadaye. Ikiwa video yako yote ni ya fremu 30, weka 30, kisha zidisha namba zote za fremu zinazofuata kwa 1.2.

Weka `usuli.png` chini kabisa, juu yake kichwa, majina, pau, namba, na `pazia.png` juu ya zote. Kwa kuwa kila picha ina ukubwa kamili, zitapangana zenyewe bila kusogezwa. Ikiwa chochote kimepinda, rudi hatua ya 4, usikirekebishe hapa.

## Hatua ya 6: Zikuze pau kwa kukata ukingo wa kulia

Chagua `pau-4.png`, ambayo ni Mirihi, na utafute `Cropping` katika `Inspector`. Ukiweka `Crop Right` kuwa 1,520, unakuwa umekata kila kilichoko kulia ya pikseli 400, na upau wote unapotea. Ukishusha namba hiyo hadi 421, upau wote unaonekana, kwa kuwa 1,920 kutoa 1,499 ni 421. Kumbe kukua kwa upau ni kushuka kwa namba moja tu.

Weka alama ya mwendo, ile inayoandikwa `Keyframe`, kwenye fremu ya 75 ikiwa na 1,520, na nyingine kwenye fremu ya 125 ikiwa na 421. Upau wa Mirihi sasa unachukua sekunde mbili kukua.

Nyingine tatu zianze pamoja nayo kwenye fremu ya 75, zikiwa na 1,520 vilevile, lakini kila moja imalize kwa wakati wake:

| Sayari | `Crop Right` ya mwisho | Fremu ya mwisho |
|---|---|---|
| Utaridi | 1,379 | 81 |
| Zuhura | 1,160 | 91 |
| Dunia | 936 | 102 |
| Mirihi | 421 | 125 |

Tazama kinachotokea. Pau zote zinakwenda kwa kasi moja, takriban siku 14 kwa kila fremu, kwa hiyo Utaridi inasimama karibu papo hapo, Dunia inasimama katikati ya njia, na Mirihi inaendelea peke yake kwa karibu sekunde nzima. Mtazamaji ameshaielewa habari kabla ya kusoma namba yoyote, kwa sababu amemsubiri Mirihi.

Mbinu hii ya kasi moja inafaa sana kwa muda, umbali na chochote kinachojazana kidogo kidogo. Kwa takwimu kama asilimia za maoni, ambapo kusubiri hakuna maana yoyote, ni afadhali pau zote zichukue fremu 15 na zisimame pamoja.

Maonyo mawili hapa. La kwanza, mwendo uwe wa kasi isiyobadilika, yaani `Linear`. Baadhi ya programu hulainisha mwanzo na mwisho bila kuulizwa, na hapo pau haziendi tena kwa kasi moja. La pili, usitumie ule mtindo wa upau kupita mwisho wake kisha ukarudi nyuma kama mpira. Kwa fremu kadhaa upau unakuwa unadai namba isiyo ya kweli, na mtu akisimamisha video hapo atakuwa ameshika chati ya uongo.

## Hatua ya 7: Weka namba, kisha nyamaza

Kila namba itokee kwenye fremu ambayo upau wake umesimama: 81, 91, 102 na 125. Itokee nzima. Namba zinazohesabu kutoka sifuri hadi 687 hupendwa mno na wanaoanza, lakini jicho haliwezi kusoma namba inayobadilika; linangoja tu itulie, na muda wote huo haliangalii pau.

Kichwa kiwepo tangu fremu ya 0, na majina yatokee fremu ya 50. Hivyo mtazamaji anapata sekunde mbili za kusoma kichwa na sekunde moja ya kusoma majina kabla ya kitu chochote kusogea. Mwendo ukianza mapema, macho yote huufuata mwendo na kichwa hakisomwi.

Kwenye fremu ya 150, anza kuleta `pazia.png`: weka `Opacity` kuwa 0, kisha 65 kwenye fremu ya 160. Utaridi na Zuhura zitafifia bila kutoweka, na Dunia na Mirihi zitabaki zikitazamana. Hapo ndipo sauti yako iseme sentensi yenye habari.

Baada ya hapo usifanye chochote kwa sekunde nne, hadi fremu ya 260. Najua sekunde nne tulivu huonekana ndefu unapohariri, kwa kuwa wewe chati umeshaikariri. Kipimo ninachotumia ni kusoma kila kilichoandikwa kwenye skrini kwa sauti, polepole, mara mbili. Muda huo ndio jumla ya muda ambao maandishi yanapaswa kuonekana.

## Hatua ya 8: Ipime kwa mtu mmoja

Toa kipande hiki peke yake, kiweke kwenye simu, zima sauti, na umwonyeshe mtu ambaye hajaona kazi yako. Kionyeshe mara moja tu, kisha muulize: "Umeona nini?" Usimuulize kama ameelewa, maana kila mtu atasema ameelewa. Akijibu "Mirihi ina mwaka mrefu sana, kama mara mbili yetu", kazi imekwisha. Akijibu "Kulikuwa na sayari", rudi kwenye kichwa na ukubwa wa herufi kabla ya kugusa mwendo.

## Ukikwama

Upau unakua pande zote mbili. Umetumia `Zoom` badala ya kukata ukingo. Rudisha `Zoom` kuwa 1 na ufuate hatua ya 6.

Programu yako hukata kwa asilimia, si kwa pikseli. Gawa namba ya pikseli kwa 1,920 kisha zidisha kwa 100. Kwa mfano 1,520 inakuwa 79.17, na 421 inakuwa 21.93.

Ukingo wa upau una ukungu unapokua. Angalia `Softness` iliyoko karibu na `Crop Right`. Inapaswa kuwa 0.

Picha zote zina ukungu kidogo. Faili za PNG hazina pikseli 1,920 kwa 1,080 kamili. Mara nyingi ukurasa wa Inkscape ulikuwa kwa `mm`, na programu ya video imelazimika kuzinyoosha.

Usuli una mistari kama ngazi baada ya video kupakiwa mtandaoni. Umetumia rangi inayobadilika taratibu kutoka giza hadi mwanga, na ubanaji wa video umeikata vipande. Tumia rangi moja.

Asilimia zako zinajumlika kuwa 99 au 101. Hilo hutokana na kukadiria kila namba peke yake. Usiongeze moja kwa siri ili zitimie 100; andika kwa maandishi madogo kwamba namba zimekadiriwa, au onyesha desimali moja.

Kuna namba hasi. Weka mstari wa sifuri katikati ya eneo la chati. Pau chanya zikuze kwa `Crop Right` kama kawaida, na pau hasi kwa `Crop Left`, zote zikianzia kwenye mstari huo.

Takwimu ni za miaka mingi, si za vitu vichache. Chora mstari mmoja wa grafu badala ya pau, utoe kama picha moja ya ukubwa kamili, na uufunue kutoka kushoto kwa `Crop Right` ileile. Unene wa mstari usipungue pikseli 6, na jina la mstari likae kwenye ncha yake ya kulia, si kwenye kisanduku cha pembeni.